Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daftari la Benki ya Mbegu

Ndugu wanachama,

Habari za fedha na mahudhurio mtazipata kwa mwekahazina na katibu. Mimi naomba nitumie nafasi yangu yote kwa jambo moja, nalo ni daftari la benki yetu ya mbegu. Mwaka huu daftari hilo lilitupoteza, na wenzetu wanne wakapata hasara. Sahihi iliyo chini ya ukurasa wenyewe ni yangu, kwa hiyo mimi ndiye ninayepaswa kueleza.

Mstari ulisomeka hivi: "Maharage ya njano, kilo 46, ghalani, yamejaribiwa Machi, uotaji asilimia 92." Ukiusoma huoni kasoro. Aina imetajwa, kiasi kipo, mahali papo, tarehe ipo. Lakini kilo zile 46 hazikukaa pamoja. Kilo 30 zilikuwa kwenye pipa lisilopitisha hewa, juu ya mbao, kwenye kona yenye kivuli. Pipa lilipojaa, kilo 16 zilizobaki zilitiwa kwenye gunia na kupandishwa darini, chini ya bati. Siku ya kujaribu, mbegu zilichotwa kwenye pipa kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mkono. Ile asilimia 92 ilikuwa ya kweli, ila ni ya pipa peke yake. Gunia halikuwahi kujaribiwa hata siku moja.

Ulipofika wakati wa kupanda, wenzetu wanne walipimiwa karibu kilo 4 kila mmoja kutoka kwenye gunia. Siku ya kumi mmoja wao aliniita shambani. Mistari ilikuwa na mapengo kila mahali. Nilifukua kwa kidole mashimo kama ishirini. Kama ni ndege au panya, wangekuwa wamechukua mbegu, lakini mbegu zilikuwemo. Kama zingefukiwa chini mno, tungekuta miche iliyojikunja ikihangaika kutoka. Tulichokuta ni mbegu laini zilizooza, na nyingine zilizotoa mzizi mfupi zikaishia hapo.

Siku hiyohiyo tulichukua mabaki ya gunia na mbegu za pipa tukazijaribu upande kwa upande. Tulihesabu mbegu 100 za kila chombo bila kuchagua nzuri, kwa kuwa ukichagua unajaribu macho yako. Tulizipanga 25 kwa kila karatasi yenye unyevu, tukakunja, tukasimamisha mikunjo minne ndani ya mfuko uliofungwa kwa ulegevu, mahali pa vuguvugu pasipo jua. Maharage huhesabiwa siku ya 5 na kumalizwa siku ya 9. Mikunjo ya pipa ilitoa miche mizima 23, 24, 22 na 23. Ya gunia ilitoa 14, 12, 15 na 13. Hiyo ni asilimia 92 kwa 54.

Nasisitiza maneno "miche mizima". Baadhi yetu tulikuwa tunahesabu kila mbegu iliyotoa mzizi. Kwa hesabu hiyo gunia lingepata zaidi ya asilimia 70 na tungejifariji bure. Mche wenye mzizi usio na kikonyo, au uliokatika ncha ya kukulia, hautasimama shambani, kwa hiyo hauhesabiwi.

Sababu ni joto na unyevu. Kanuni ambayo watunza mbegu huitumia ni kwamba unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka karibu maradufu, na joto likishuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi huwa vivyo hivyo. Darini tulikwenda kinyume kwa yote mawili, maana bati lilichoma mchana na gunia lilinyonya unyevu msimu wote wa mvua. Tulilithibitisha kwa chumvi kavu: robo chupa ya chumvi, mbegu juu yake, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi iliganda kwenye kioo cha chupa ya gunia, dalili kwamba unyevu umepita asilimia 15. Chupa ya pipa ilibaki safi. Lakini msiichukue chupa safi kuwa ruhusa ya kufunga pipa. Inasema tu kwamba hujavuka 15, na mbegu ya kufungiwa hewa inatakiwa iwe kavu zaidi ya hapo. Ndiyo maana huwa tunaongeza siku za kuanika kivulini hata baada ya chumvi kukubali.

Tulijiuliza kama kuwaongezea wale wanne mbegu zilezile kungetosha. Kwa hesabu, aliyepewa kilo 4 alistahili karibu kilo 7 za gunia ili apate miche ileile ya kilo 4 za pipa. Tukakataa, kwa sababu fungu lililofika asilimia 54 hata mbegu zake zinazoota ni dhaifu, na kuota kwenye karatasi laini ya majaribio ni rahisi kuliko kuota kwenye udongo. Tuliwapa mbegu za pipa, kilo kwa kilo. Najua walipoteza karibu wiki tatu za mvua ambazo hatuwezi kuwarudishia, na kwa hilo nawaomba radhi mbele yenu wote.

Sasa daftari limebadilishwa. Mstari mmoja ni chombo kimoja, si aina moja. Maharage yaleyale yakiwa kwenye vyombo viwili yana nambari mbili za fungu na tarehe mbili za majaribio. Nambari huandikwa kwa penseli kwenye kadi mbili, moja nje na moja ndani katikati ya mbegu, kwa sababu ya nje hubanduka. Safu ya mahali haisemi tena "ghalani", inasema "pipa la 3, ubao wa chini". Anayerudisha mkopo wa mbegu hamimini kwenye fungu la zamani. Mbegu yake ni fungu jipya hadi ijaribiwe.

Tarehe nazo ni mbili, ya jaribio lililofanyika na ya lijalo. Pipa lililo zaidi ya asilimia 85 hujaribiwa kila baada ya miezi sita na tena mwezi mmoja kabla ya kugawa. Likishuka chini ya hapo, mbegu hupandwa upya msimu unaofuata.

Karanga zinazotambaa zilitushtua kwa asilimia 41 punde tu baada ya mavuno. Mtunza daftari alizibonyeza zile zisizoota akakuta ni ngumu na nyeupe ndani. Mbegu iliyokufa huwa laini na hunuka, hizi zilikuwa zimelala tu. Hakuzifuta, aliandika "zimelala, rudia", na baada ya miezi miwili zikatoa 88. Naomba safu hiyo ya maelezo isiachwe wazi kamwe.

Kunde nyeusi zimebaki gramu 700 tu. Tunazijaribu 50 badala ya 100, tukijua jibu lake halina uhakika uleule. Gramu zinazotumika kwa majaribio hupunguzwa kwenye safu ya kiasi siku hiyohiyo.

Mbele yenu leo kuna ombi moja la kupiga kura. Mafungu matatu ya mtama hayana tarehe yoyote ya jaribio. Kamati inapendekeza yasigawiwe kwa mtu yeyote hadi yajaribiwe. Mtama huchukua siku 10 kumaliza kuhesabiwa, kwa hiyo tukianza Jumatatu, majibu yatakuwa daftarini kabla ya siku ya kugawa. Nahitaji watu wawili wa kuhesabu pamoja na mtunza daftari, na ningependa mmoja wao awe miongoni mwa wale wanne, akikubali.