Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam. Mimi ni mchambuzi wa takwimu hapa Dodoma. Nakuandikia kuhusu programu za kompyuta zinazochuja maombi ya kazi kabla ya usaili. Wauzaji wake husema hazina upendeleo kwa sababu safu ya jinsia imefutwa. Naomba Tume isiikubali hoja hiyo.

Programu ya aina hii hupewa wasifu wa waombaji wa zamani, na kwa kila mmoja jibu lake: aliajiriwa au hakuajiriwa. Haijui nani alikuja kuwa mchapakazi. Inachojua ni nani alichaguliwa na wakubwa wa wakati ule, na hicho ndicho inachojifunza kurudia.

Amazon walianza kuunda mfumo kama huo mwaka 2014, kwa wasifu wa miaka 10 ambao wengi ulikuwa wa wanaume. Shirika la habari la Reuters liliripoti mwaka 2018 kwamba mfumo uliwapunguzia alama walioandika, kwa mfano, kuwa nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake, pamoja na wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake. Wahandisi waliurekebisha kwa maneno hayo, lakini hakukuwa na uhakika kwamba hautabuni njia nyingine ya kubagua. Mradi ukavunjwa.

Hapa kwetu njia hizo zipo tele. Futa jinsia ya binti aliyesoma Msalato, jina la shule ya wasichana linabaki. Futa na shule, bado kuna mwaka mmoja bila ajira baada ya kujifungua.

Kupima si kazi ngumu. Chukua wasifu mmoja, badilisha jina la shule tu, uone kama alama zinashuka. Kisha hesabu waliopita. Tuseme wanaume 200 wameomba wakapita 60, yaani asilimia 30. Wanawake 100 wakapita 15, asilimia 15. Kiwango cha wanawake ni nusu ya kile cha wanaume. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1978 ulisema kiwango cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi linaloongoza, hiyo ni dalili ya kuchunguzwa, ingawa si ushahidi kamili. Waombaji wakiwa kumi tu, hesabu hii haina maana.

Sasa tatizo linalokuhusu wewe moja kwa moja: mwajiri aliyefuta jinsia kila mahali hawezi kuifanya hesabu hiyo. Anayebaguliwa bado anabaguliwa, ila mkaguzi ndiye asiyeona.

Kwa hiyo naomba Tume itoe mwongozo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: jinsia na ulemavu wa mwombaji vihifadhiwe kwenye faili la pembeni, programu isilifikie, litumike kwa ukaguzi peke yake na lifutwe baada ya muda mtakaoutaja. Na mwombaji aliyekataliwa na mashine aambiwe hivyo, apate haki ya kuomba maombi yake yasomwe na mtu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchambuzi wa takwimu, Dodoma