Nimelipa mwaka mzima, mke wangu anasema nimekula hela

Shikamoo Anti,

Nakuandikia saa tisa usiku, daftari la hesabu la mtoto liko mbele yangu. Mke wangu amelala, au anajifanya. Jana jioni aliniuliza, mbele ya mdogo wake, "Hizo laki mbili na ushee ulizipeleka wapi?" Mbele ya shemeji, Anti. Kijana anayekula kwangu.

Kujenga Buhongwa unakujua, mawe matupu. Nilikopa milioni sita kupaua nyumba, miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka, inapigwa kwenye salio linalobaki. Rejesho ni 299,545 kila mwezi, linakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Zidisha mara 24, inakuja kama 7,189,000. Riba yote basi ni 1,189,000. Hilo nilimwambia tangu siku ya kwanza, sikumficha.

Sasa kikoba chao kimevunjwa, amepata milioni tatu na nusu. Mimi ndiye niliyesema, na hapo nakubali kosa, kwamba tumeshalipa miezi 12, deni limebaki nusu, milioni tatu kamili, na tukilimaliza tunaokoa nusu ya riba, karibu laki sita. Alifurahi, tukaenda benki wote. Dada wa mikopo akabonyeza kompyuta: salio 3,267,284. Mke wangu alinyamaza kwenye daladala mpaka nyumbani, akasubiri mdogo wake aje ndipo aniulize.

Usiku huu nimeipiga mwenyewe. Mwezi wa kwanza riba ni moja na nusu kwa mia ya milioni sita, yaani 90,000. Hiyo inatoka kwanza kwenye rejesho, kwa hiyo deni lilipungua 209,545 tu. Mwezi wa pili riba inapigwa kwenye 5,790,455, inakuwa 86,857. Nimeshuka hivyo mstari kwa mstari hadi wa 12, nikaikuta namba ileile ya yule dada, tumepishana shilingi chache. Katika 3,594,000 nilizokwisha kulipa, 862,000 zilikuwa riba. Benki imekula mapema, deni likiwa bado nene. Riba iliyobaki mbele ni 327,000 tu, wala si laki sita.

Kwa hiyo sikuiba. Nilikosea hesabu, na kukosea hesabu si wizi. Nimwamshe nimwonyeshe daftari? Ataona nimekesha kutunga uongo.

Halafu kuna faini, na hili sijamwambia. Kumaliza mkopo kabla ya muda wanatoza asilimia 3 ya salio, kama 98,000. Ipo kwenye mkataba, ukurasa wa nne, saini yangu iko chini yake. Kwa hiyo tukitoa 3,365,000 tunaokoa 229,000 tu, na yeye anabaki na laki moja na thelathini na tano hivi. Dagaa wa biashara yake pale sokoni Mwaloni atawanunua kwa hela gani?

Niliporudi benki peke yangu yule dada alinidokeza jambo. Kupunguza deni bila kulimaliza, kwao hakuna faini. Nimepiga: tukiweka milioni moja na nusu, rejesho likabaki lilelile, deni linaisha kwa miezi saba badala ya 12, na rejesho la mwisho ni kama 67,000. Tunaokoa karibu 230,000. Anti, nimelirudia mara tatu nikidhani nimekosea tena. Ni ileile, na milioni mbili zinabaki mkononi mwake. Ila lazima niandike barua kwamba wapunguze miezi, wasipunguze rejesho. Wakipunguza rejesho miezi ikabaki 12, tunaokoa 150,000 tu.

Mimi nataka tulimalize lote, liishe, asinitazame tena vile. Hapana, sitaki. Hela ni yake, na akikosa mtaji mwezi ujao nitaambiwa mimi ndiye niliyemfilisi, tena mbele ya shemeji. Lakini nikisema tuweke milioni moja na nusu tu, atauliza kwa nini nimebadilisha maneno, na hapo itabidi niitaje faini ambayo nilisaini bila kumwambia.

Nianze na lipi, hesabu au faini? Na mbele ya mdogo wake, kwa kuwa aliniaibisha mbele yake, au tukiwa wawili?

Nijibu mapema. Giza la mwezi linaanza wiki ijayo, boti zitaingia na dagaa, na hela bado iko kwenye kibeseni chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitenge. Nimemsikia akigeuka.

Baba wa Buhongwa