Marekebisho ya mpango wa uuguzi: mgonjwa wa siku ya kwanza baada ya upasuaji wa tumbo

Assalaam aleikum wenzangu wa kikundi cha Mombasa.

Katika zoezi la jana, wengi mlitanguliza hatari ya kidonda kupata maambukizi. Mgonjwa wetu alipumua mara 26 kwa dakika, tena kwa pumzi fupi, oksijeni ikiwa 92% na maumivu 8 kwa 10, ilhali bandeji ilikuwa kavu. Tatizo lililopo hutangulia linaloweza kutokea. Kwa hiyo utambuzi wa kwanza ni upumuaji usiotosheleza unaotokana na maumivu ya mshono.

Lengo liwe la kupimika: ndani ya saa 2, maumivu yasizidi 3, pumzi ziwe 12 hadi 20, na oksijeni ifike 95%. Mwinueni kichwa, mpeni dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na ikishaanza kufanya kazi ndipo akumbatie mto juu ya mshono, avute pumzi ndefu na kukohoa. Mkimkoholesha kabla ya dawa, atakataa.

“Anaendelea vizuri” si tathmini. Andikeni: “Maumivu 4, pumzi 20, oksijeni 95%; lengo limefikiwa kwa sehemu, dawa ipitiwe upya.” Mapigo yakipanda huku presha ikishuka, shukuni kuvuja damu ndani, hata bandeji ikiwa kavu, na mwiteni daktari mara moja.