Mjamzito na picha ya kifua: barua kwa wanangu wa kliniki

Wanangu mnaohudhuria kliniki, na ninyi waume na mama wakwe mnaowasindikiza,

Kwenye benchi la kliniki, simu, kompyuta na eksirei hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba zote zinatoa kitu kilekile. Sivyo. Simu hutoa mawimbi ya redio, ambayo nguvu yake haitoshi kuvunja vinasaba ndani ya chembe za mwili. Kinachojulikana ni kwamba yanaweza kupasha mwili joto, na kwa simu joto hilo ni dogo mno. Watafiti wa Denmark waliwahi kuona uhusiano kati ya mama kutumia simu na tabia za mtoto, lakini uhusiano si sababu, na malezi ya nyumbani nayo yanaweza kuwa ndiyo chanzo. Anayetaka tahadhari aiweke simu mezani badala ya kuilaza tumboni, maana mawimbi hupungua haraka kwa umbali. Kioo cha kompyuta ya siku hizi hakitoi eksirei kabisa. Kinachomchosha mjamzito hapo ni kukaa saa nyingi bila kuinuka.

Eksirei ndiyo mionzi yenye nguvu ya kuvunja vinasaba, na hapo lazima tuulize ni kiasi gani kinachomfikia mtoto. Kiasi hicho hupimwa kwa miligrei.

Chukueni mama mwenye mimba ya miezi mitano. Anakohoa wiki ya tatu sasa, jioni homa inapanda, na uzito hauongezeki. Makohozi hayatoki ya kutosha kupimwa, kwa hiyo daktari anaandika picha ya kifua. Nyumbani anaambiwa asubiri mpaka ajifungue. Ushauri huo unanihuzunisha, kwa sababu kifua kikuu kisichotibiwa huleta uchungu kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo, na baada ya kuzaliwa mtoto anaweza kuambukizwa na mama yake mwenyewe.

Akiingia chumba cha picha, atasimama kifua kikigusa bamba, kidevu juu, mabega mbele. Mtaalamu atawasha taa inayochora mraba mgongoni, na mionzi hupita ndani ya mraba huo. Tumbo liko nje yake. Ataambiwa avute pumzi na kuishikilia, na picha inakamilika kabla hajahesabu moja. Kinachofika kwenye mfuko wa uzazi ni mabaki yaliyotawanyika ndani ya mwili, yasiyozidi miligrei 0.01. Sasa linganisheni: mionzi ya asili, ya ardhini, angani na kwenye chakula, humpa mtoto tumboni miligrei 0.5 hadi 1 katika miezi 9 bila yeyote kwenda hospitali. Picha ile ni sawa na siku tatu hadi tano za kuishi tu. Kasoro za maumbile hazijaonekana kuongezeka chini ya miligrei 50, na ili kufika huko zingehitajika picha za kifua 5,000.

Kinachoharibu mambo ni kupumua au kutikisika, kwa sababu picha hurudiwa. Na msipopewa aproni ya risasi, lile vazi zito la kukinga mionzi, msidhani mmedharauliwa. Mionzi ile inayotawanyika ndani ya mwili aproni haiizuii, na aproni ikiingia ndani ya mraba huharibu picha. Ndiyo maana mwaka 2019 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani kilishauri kuifunika mimba kusiwe tena desturi.

Ulizeni maswali zaidi picha inapolenga tumbo au nyonga. Siti skani ya nyonga inaweza kumfikishia mtoto miligrei 10 hadi 50, na kuanzia kama miligrei 10 uwezekano wa saratani ya utotoni hupanda kidogo, ingawa bado ni nadra. Mwambieni daktari mna mimba na wiki zake, kisha muulize kama ultrasaundi, isiyotumia mionzi hii, itatosha. Ikiwa ni ajali na damu inavuja ndani, skani isicheleweshwe. Dawa ya iodini yenye mionzi, inayotumika kutibu tezi ya shingo, ni jambo jingine: mjamzito hapewi, kwa kuwa hupita kondo la nyuma na kuchoma tezi ya mtoto.

Na wewe uliyepigwa picha kabla hujajua una mimba, usikimbilie kuitoa. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, huko Ugiriki mimba nyingi zilizotakiwa zilitolewa kwa hofu ya kiasi kisichofika miligrei 1. Andika tarehe ya picha, sehemu iliyopigwa, idadi ya picha, na siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, upeleke kliniki. Kama ilikuwa kifua, jino, mkono au mguu, hakuna cha kufanya zaidi. Kama ilikuwa siti skani ya tumbo au nyonga, omba mtaalamu wa fizikia tiba apige hesabu kutokana na kumbukumbu za mashine, na umsubiri kabla ya kuamua lolote.