Umenibadilishia anga, mbona vioo hukuvigusa?

Lalamiko hili nimeshalisikia mpaka nimelihifadhi. Juzi limekuja tena, safari hii kwa voisi ya dakika nne, kutoka kwa mteja mwenye kihoteli cha ghorofa mbili kule Paje. Picha zake zilipigwa masika, mawingu mazito, anga jeupe kama shuka ya hospitali, akatuletea tumbadilishie anga, tutie jua linazama. Tukafanya. Sasa anasema: "Anga zuri sikatai, lakini vioo vyote vya mbele umeniachia vya buluu buluu, jua halimo hata kidogo, na ukuta umepauka. Hii kazi nusu, nirudishie nusu ya pesa yangu."

Mimi pesa sirudishi kwa kazi niliyokesha nayo, lakini maelezo nimempa, na nayaandika hapa ili mwengine akija nimtumie linki tu, nisirudie kila siku.

Kwanza jua hoteli imekaaje. Paje ni pwani ya mashariki ya Unguja. Mpiga picha kasimama mchangani, bahari iko mgongoni kwake, anaitazama hoteli, maana yake kamera inatazama magharibi. Kwa hiyo jua kuzama nyuma ya hoteli ni sawa kabisa, ndiko linakozama kweli. Mpaka hapo hatuna ugomvi. (Aliyetaka nimtilie jua linazama baharini Paje nilimkataza, mgeni akifika akakaa barzani jioni nzima anangojea jua upande wa bahari atakuandikia rivyuu mbaya na haki yake.)

Sasa njoo kwenye vioo. Ukikaa kwa kinyozi, kioo cha mbele yako kinakuonesha ukuta ulio nyuma ya kiti chako, hakikuoneshi duka la jirani lililo nyuma ya kioo. Vioo vya hoteli vivyo hivyo. Vinatazama baharini, basi vinachoonesha ni kilichoko nyuma ya mpiga picha: minazi, mchanga, bahari, na anga la mashariki. Na anga la mashariki wakati jua linazama magharibi haliwi la machungwa, huwa la buluu iliyotulia, chini karibu na upeo lina uwaridi kidogo kisha kijivu. Hicho ndicho nilichokiweka, na nilikiweka kwa mkono dirisha moja moja, madirisha 14.

Pale mbele ya hoteli lipo bwawa la kuogelea, na bwawa ndilo lililonitia fitina na mteja. Maji yamelala, hayakusimama kama kioo cha dirisha, kwa hiyo yanaonesha jengo limepinduka na anga la nyuma ya jengo. Bwawa lina machungwa, vioo havina. Yeye anaona nimevisahau vioo. La, sikusahau. Ningevitia machungwa ingekuwa kuna majua mawili, moja nyuma ya hoteli na jengine linatoka baharini, na jicho la mtu hata kama hajui fotoshop linamwambia picha hii ina kitu.

Vioo vya juu na vya chini navyo si sawa. Kamera ilikuwa kimo cha macho ya mtu, kama mita moja na nusu. Kioo kilichosimama wima, mstari wa upeo wa bahari utauona ndani yake kwenye kimo hicho hicho cha kamera. Kilicho juu ya mstari huo kinaonesha anga na vichwa vya minazi, kilicho chini kinaonesha mchanga na viti vya pwani. Ndio maana milango ya vioo ya chini niliigusa kidogo tu juu, na madirisha ya ghorofani ndiyo yaliyobadilika zaidi, maana yanaona anga la juu zaidi. Halafu kila fremu ya alumini imeinama kwa chembe tofauti na mwenzake, kwa hiyo taswira inakatika katika kila fremu. Ukiibandika anga moja mfululizo kwenye vioo vyote kama karatasi ya ukutani, imeshaharibika.

Namna ya kuitia: lile anga jeupe la mawingu limeshaingia kwenye vioo vya picha ya asili, limekaa kama utando wa maziwa. Mimi siufuti. Naweka rangi ya anga la mashariki juu yake kwa lea ya `Multiply`, ule weupe unageuka buluu lakini vivuli vya minazi vilivyokuwemo vinabaki. Kisha mapazia ya ndani nayatoa kwenye maski, yaani ile sehemu niliyoiwekea mipaka ipate rangi, kwa sababu pazia jeupe unaloliona kupitia kioo si anga, likigeuka buluu chumba kinaonekana kimejaa maji. Hapa ndipo saa zinapokwenda. Kubadilisha anga lenyewe, `Sky Replacement` ya fotoshop ipo tangu 2020, dakika mbili imekwisha, na dakika nyengine kumi na tano kusafisha ncha za makuti. Vioo, bwawa na kuta ndio saa tatu.

Ukuta sasa. Ukuta wa mbele unatazama mashariki, jua liko nyuma yake, basi ukuta uko kivulini. Unapata mwanga wa anga la buluu tu, hauna budi kuwa wa baridi na wenye giza kuliko anga lililo nyuma yake. Picha ya mawingu ukuta mweupe ukiupima unakuta nyekundu, kijani na buluu zimekaribiana, mimi nilikuta 168, 170, 173. Nikauteremsha mpaka kwenye 120, 126, 142. Yeye anauita umepauka. Ila tazama ubavu wa kusini wa hoteli, ile kona, na ncha za makuti juu: pale nimetia ujoto, kwa sababu jua la upande lingefika pale. Kidogo tu, mstari kama wa kalamu.

Najua kila mwenye hoteli anataka jengo lake liwake. Lakini jengo jeupe linalowaka mbele ya jua linalozama ndiyo ile picha ambayo watu husema "hii imebandikwa" na hawajui kwa nini. Ujoto wa halali kwenye vioo vya jioni unatoka ndani, kwenye taa. Taa za vyumba zikiwashwa na nje kukawa giza kidogo, mwanga wa ndani unaushinda ule wa anga kwenye kioo na dirisha linakuwa la dhahabu. Lakini siku ile taa zote zilikuwa zimezimwa, hata ya barzani. Kwa hiyo tafadhali sana, mnapokwenda kupiga hata mchana wa mawingu, washeni taa zote, umeme wa robo saa haumfilisi mtu.

Kuna mteja wa Shangani, nyumba yake inatazama bahari upande wa magharibi, kule mambo ni kinyume. Pale mpiga picha anaipa mgongo bahari na jua liko nyuma yake, basi ukuta wa mbele unapigwa na jua la dhahabu, vioo vinawaka machungwa, na anga la nyuma ya nyumba linabaki buluu ya kawaida. Huyo naye alinung'unika: mbona anga la nyuma si la machungwa? Nikamwambia bwana wee, jua moja.

Na hapa nije kwenye njia ya mkato, maana ndiyo inayonitia hasira zaidi. Mtu anaona bei yetu elfu 40 kwa picha ya jengo lenye vioo anasema ghali, anakwenda kuitia kwenye apu ya simu, bure. Apu inabadilisha anga, vioo na kuta inaviacha vilevile vya mawingu, au inaipaka picha nzima machungwa mpaka mapazia na masufuria ya jikoni. Anaona haijakaa, ndipo analeta kwetu "rekebisha tu kidogo", kwa watsap. Ikifika imeshabanwa, anga lina mistari mistari kama ngazi, ncha za makuti zimeliwa na zimezungukwa na uzi mweupe. Namuuliza faili la asili, anasema nimelifuta simu ilikuwa imejaa. Yupo mmoja kutoka Chake, duka lake lina mlango mkubwa wa vioo, mnazi uliokuwa pembeni apu imeula nusu, shina lipo kichwa hakipo, na kwenye kioo cha mlango ule mnazi bado mzima! Ilibidi nimchoree makuti upya. Alilipa elfu 70 na bado picha haikuwa kama ingelikuwa.

Kwa hiyo leta faili la kamera lenyewe, kwa flashi au imeili, na kama kamera inatoa faili ghafi la `.NEF` au `.CR2` leta hilo, lina nafasi ya kuvuta rangi ya ukuta bila kuvunjika. Niambie na mpiga picha alisimama wapi na alitazama upande gani, hilo tu linanipunguzia nusu saa ya kutafuta kwenye ramani.

Kazi nisiyoipokea ni mbili. Picha ya mawingu unataka jua la saa sita na anga safi: siwezi, kwa sababu jua kali lina vivuli vya kukata, chini ya kila paa, kila mnazi, kila kiti, na picha ya mawingu haina hata kimoja. Kuvichora vyote ni kupaka rangi, si kusafisha picha. Pia picha iliyopigwa jua likitoka kulia halafu umependa anga ambalo jua liko kushoto. Chagua anga jengine, ninayo mengi.

Turudi Paje. Nilimwambia kama unataka ukuta wa dhahabu na vioo vinavyowaka, basi si jioni, ni asubuhi, jua likichomoza baharini saa kumi na mbili na ushei, linaipiga hoteli usoni. Nikamfanyia jaribio dogo: anga la nyuma buluu hafifu, ukuta wenye ujoto, vioo vya ghorofani vina mng'ao, bwawa limerudi buluu. Akalipenda. Kisha akauliza, "sasa lile jua la kuzama limekwenda wapi?"

Mwisho kachukua zote mbili, ya asubuhi kwa matangazo ya vyumba na ya jioni kwa insta. Ya pili nimemtoza elfu 20 maana maski za vioo na makuti nilikuwa nazo tayari. Kumi kaleta, kumi anasema Ijumaa.