Waliopiga na waliopigiwa makofi

Tanga, Jumapili usiku

Kaka Omari,

Salaam sana. Huku wote wazima, mama anakuulizia kila wiki na anasema nazi zako zimeanza kuota.

Siku ile unapanda basi uliniachia neno: bendi isiyopiga yenyewe vyombo kwenye wimbo wake ni wezi tu. Ulikuwa unawasema The Byrds, ile bendi ya Marekani, na ule wimbo wao "Mr. Tambourine Man". Nimekaa nalo. Kwa nusu nakubaliana nawe, lakini wizi wenyewe naona umeutafuta mahali sipo.

Ukitazama picha za 1965 unaona vijana watano. Siku ya kurekodi, tarehe 20 Januari, katika studio ya Columbia kule Hollywood, aliyeshika chombo kati yao alikuwa mmoja tu: McGuinn, na gitaa lake la nyuzi 12. Vingine walipiga watu wa kukodiwa: dramu Hal Blaine, besi Larry Knechtel, gitaa la rizimu Jerry Cole, na kinanda cha umeme Leon Russell, ingawa hicho kinanda kilishushwa mno wakati wa kuchanganya sauti, hata ukitega sikio hukipati. Crosby na Gene Clark, wenzake wa bendi, waliimba pamoja na McGuinn. Hillman, mpiga besi wa bendi, na Michael Clarke wa dramu hawakugusa kitu.

Kwa nini? Prodyuza, Terry Melcher, hakuwa na imani na bendi. Huyo Michael Clarke alikuwa bado anajifunza; walipoanza mazoezi hakuwa na dramu, alikuwa akipigia maboksi! McGuinn yeye alishawahi kula mkate wa kazi hiyo hiyo, akiwapigia gitaa waimbaji wengine kabla bendi haijazaliwa, ndiyo maana akaachiwa nafasi yake.

Halafu kuna suala la saa. Chama cha wanamuziki kilipanga malipo kwa kipindi cha saa tatu. Mtu anaingia, anapewa karatasi ya kodi, anapiga, anasaini fomu ya kazi, anaondoka kwenda studio nyingine. Ndani ya kipindi kimoja kile walimaliza nyimbo mbili, ule wenyewe na wa upande wa pili wa santuri. Baadaye mwaka huo huo bendi ilipopiga yenyewe "Turn! Turn! Turn!", McGuinn anasimulia kwamba waliurudia mara 77. Nawe unajua mwenyewe, tulipokuwa tunarekodi ule wimbo wetu wa harusi, mara ya tisa tu fundi mitambo alishaanza kutukunjia uso.

Lakini angalia: ule wimbo wa mara 77 nao ulishika namba moja Marekani. Kwa hiyo hawakuwa watu wasioweza kupiga. Walihitaji muda, na mwezi wa Januari hakuna aliyekuwa tayari kuwalipia huo muda.

Sasa wizi uko wapi? Mimi nauona kwenye jalada. Santuri ilitoka Aprili, katikati ya mwaka ikawa namba moja Marekani na Uingereza, na msikilizaji hakuambiwa lolote juu ya Blaine na wenzake. Wao walikwisha kulipwa ujira wa kipindi, basi. Asilimia ya mauzo hawakuwa nayo, na redio za kule humlipa mtunzi tu wimbo unapopigwa, mpigaji hapati kitu. Usidhani walikuwa wanalia njaa, la. Mtu kama Blaine aliitwa studio mchana na usiku na aliishi vizuri. Alichokosa ni jina. Leo tunawajua kwa sababu zile fomu za chama, zilizojazwa ili watu walipwe, zilihifadhiwa. Karatasi ya mhasibu ikawa shahidi kuliko jalada lenyewe.

Usiniamini mimi, tega sikio. Anza na ule mtelezo wa besi pale mwanzoni kabisa: huyo ni Knechtel. Dramu ya Blaine haina madoido, imekaa palepale kama nguzo ya nyumba. Kisha, bila kubadili albamu, weka "I'll Feel a Whole Lot Better". Hapo bendi inapiga yenyewe, kwa kuwa waliokodiwa wamo kwenye nyimbo zile mbili tu. Utasikia mapigo yanasukumana kidogo, na gitaa linakimbilia mbele. Mimi, nikuambie kweli, huu wa pili naupenda zaidi. Usimwambie Shemeji, atasema nimezeeka.

Nimekuwekea zote mbili kwenye flashi, anayo dereva wa basi la Jumanne. Ukishazisikiliza niandikie ni dakika gani ulipogundua mpiga dramu amebadilika, na usidanganye.

Ndugu yako,
Hamisi