YAH: Malalamiko juu ya tiketi iliyochapwa kama System 3/4 badala ya mkeka mmoja, na jinsi nilivyodhalilishwa kaunta

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesubiri siku nne kabla ya kuandika, ili hasira ipungue. Haijapungua, ila nitajitahidi kuandika kwa adabu kwa kuwa wewe binafsi hujanikosea.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwenye tawi lenu la karibu na stendi, hapa Morogoro, kudai ushindi wa tiketi ya Jumamosi. Mechi zangu zote nne zilitiki. Keshia akaskani, mashine ikaonyesha shilingi 50,700. Nilipaswa kuona 86,400 kabla ya kodi. Akaniambia niache tiketi nichukue hela. Sikuiacha. Najua tiketi ikishabaki kwenu sina tena cha kuonyesha, kwa hiyo hela sijachukua na karatasi ninayo hadi leo. Kama siku za kudai zinahesabika, basi nimedai ndani ya muda, na barua hii iwe ushahidi.

Turudi Jumamosi, maana Jumapili ilikuwa matokeo tu.

Nilifika dirishani na karatasi yangu niliyoiandika nyumbani: mechi nne, na mbele ya kila moja nimeandika chaguo na odi. Ya kwanza mwenyeji kushinda, 1.50. Ya pili mwenyeji kushinda, 1.85 kama ilivyokuwa kwenye karatasi yenu ya ukutani. Ya tatu magoli zaidi ya 2.5, odi 2.00. Ya nne timu zote kufunga, 1.60. Nikamwambia keshia kwa sauti, "Mama, huu ni mkeka mmoja, mechi nne pamoja, dau elfu kumi." Akaingiza. Akasema ya pili imeshuka, sasa ni 1.80. Nikasema sawa, kwa sababu najua karatasi ya ukutani huchapwa asubuhi na inayofuatwa ni ya mashine. Hapo nilikuwa bado mteja mwema.

Nikaomba anigeuzie skrini nisome kabla hajathibitisha. Akasema skrini haigeuki. Nikamwomba basi anisomee. Akajibu, "Mzee, foleni," akabonyeza, printa ikatoa tiketi.

Nikaisoma pale pale, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma kila tiketi. Dau: 10,000, sawa. Mechi: nne, sawa. Machaguo na odi: 1.50, 1.80, 2.00, 1.60, zote sawa. Mtu mwenye haraka angeondoka hapo, kwa sababu kila alichokitamka mdomoni kipo kwenye karatasi. Mimi huenda hadi mstari wa mwisho wa ushindi, halafu napiga hesabu mwenyewe. Mkeka mmoja unazidisha odi zote: 1.50 mara 1.80 ni 2.70, mara 2.00 ni 5.40, mara 1.60 ni 8.64. Ukizidisha kwa elfu kumi unapata 86,400. Tiketi ilisema 50,700.

Dau likiwa sahihi na odi zikiwa sahihi, halafu ushindi ukatofautiana, kilichobaki kukosewa ni aina ya mkeka. Nikarudi juu kutafuta mstari wa aina. Umechapwa kwa herufi ndogo kuliko zote, pembeni ya namba ya tiketi: System 3/4. Chini yake, mahali ambapo jumla ya odi hukaa, hapakuwa na jumla yoyote. Palikuwa na 4 x 2,500.

Maana yake ninyi mnaijua, lakini keshia wenu hakuijua, kwa hiyo naiandika. Elfu kumi yangu imekatwa vipande vinne vya 2,500, na kila kipande kimewekwa kwenye mkeka wake wa mechi tatu. Zikitiki zote nne, mikeka hiyo inalipa 13,500, 10,800, 12,000 na 14,400. Jumla 50,700. Ndiyo hela ileile mliyotaka kunipa Jumapili, kwa hiyo mashine haikukosea hesabu. Ilihesabu vizuri kitu ambacho sikukiagiza.

Sikatai kwamba sistimu ina faida yake. Kama mechi ya pili ingechana, mkeka wangu mmoja ungekufa wote, na sistimu ingeniachia mkeka mmoja hai wa 12,000. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo. Mimi niliagiza mkeka mmoja na niliitamka kauli hiyo kwa mdomo wangu.

Nikamrudishia keshia kabla sijaondoka dirishani. Tiketi imechapwa 14:20. Mechi ya kwanza ilikuwa 15:30. Kanuni yenu ya kufuta tiketi mnaijua, na siamini kama inasema saa nzima na dakika kumi kabla ya mpira kuanza ni kuchelewa. Keshia akasema, "Hela ni ileile, elfu kumi, mechi ni zilezile." Nikamwonyesha mstari wa aina. Akamwita meneja wa tawi.

Meneja akaja, akachukua tiketi mkononi mwangu bila kuomba, hakuisoma. Akainyanyua juu, akawageukia vijana waliokaa kwenye mabenchi wakiangalia luninga, akasema, "Jamani, kuna mtu hapa anasoma tiketi kama anasoma hati ya kiwanja." Wakacheka. Kisha akanirudishia na kusema tiketi ikishatoka haibadilishwi.

Naomba uelewe vizuri kilichotokea hapo. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha lenu na miwani usoni na kalamu mkononi, na hesabu yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Umri wangu ni miaka 61. Meneja wenu ni wa rika la mwanangu wa mwisho. Hakusema shikamoo, hakusema mzee karibu, hakuniuliza tatizo ni nini. Aliitoa tiketi katikati ya vidole vyangu, akainyanyua juu ya kichwa chake ambapo hata mimi siwezi kuifikia, na badala ya kuisoma akanifanya kichekesho cha mabenchi. Kati ya waliocheka yupo kijana ninayemshonea sare za shule tangu yuko darasa la kwanza. Aliponiona namtazama akainamisha macho. Nilipomwambia meneja, "Mwanangu, soma tu mstari wa aina," alijibu, na keshia alisikia, "Kama macho yamechoka, mzee, njoo na mjukuu." Na mstari ulikuwa mbele yake wakati anasema hivyo. Mwenye macho yaliyochoka ndiye aliyeuona, yeye hakuuona.

Nyuma ya tiketi yenu pameandikwa mteja ahakikishe tiketi yake kabla ya kuondoka dirishani. Nilihakikisha. Sikuondoka. Mnamwagiza mteja asome, kisha anayesoma anachekwa, na anayegundua kosa anaambiwa haibadilishwi. Kama haibadilishwi ikishatoka, basi kuhakikisha baada ya kuchapwa hakuna maana, na mahali pekee pa kuhakikisha ni kabla ya kubonyeza. Na hapo mmegeuza skrini imtazame keshia peke yake.

Kwenye simu yenu mambo hayako hivyo. Mwanangu hubetia kwenye simu, nimeona. Mkeka unatokea wote kabla ya kuthibitisha: juu kuna sehemu tatu za kuchagua, Single, Multi na System, chini yake mechi na odi, kisha dau, kisha ushindi, na kitufe cha kuthibitisha kipo mwisho kabisa. Ukigusa System kwa bahati mbaya, ushindi unabadilika mbele ya macho yako na unarudi kurekebisha bila kumwomba mtu. Kwa hiyo kampuni yenu inajua kwamba mteja anatakiwa kuona mistari hiyo kabla. Mteja wa simu mnamwonyesha. Sisi wa kaunta, ambao wengi ni watu wazima wenye simu za vitochi, mnatuficha.

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akija na kitambaa, naandika vipimo kwenye daftari mbele yake na namsomea: kifua, mkono, urefu. Akikubali ndipo nashika mkasi. Nikikata suruali ya mtu ikawa kaptura, siwezi kumwambia kitambaa ni kilekile.

Nilipokuwa naanza kuandika barua hii, nilitaka kitu kimoja: nilipwe mkeka nilioagiza, yaani 86,400 kabla ya kodi, au kwa maneno mengine mniongezee 35,700 juu ya hiyo mnayokubali. Lakini kadiri ninavyoandika naona 35,700 haitoshi. Nataka pia meneja wa tawi aniombe radhi palepale kaunta, siku ya Jumamosi mchana, mabenchi yakiwa yamejaa kama yalivyokuwa. Radhi ya ofisini au ya simu sitaipokea. Na nataka dirisha lile liwekewe skrini ya pili inayomtazama mteja, au keshia apewe amri ya kusoma kwa sauti aina ya mkeka, dau na ushindi, na asibonyeze hadi mteja aseme ndiyo.

Nakala za picha za kamera yenu ya juu ya kaunta, za Jumamosi kati ya 14:15 na 14:40, naomba zisifutwe. Mkiniambia zimefutwa, nitajua ni kwa nini.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Nilifikiria kumi na nne, nikakumbuka mkono ule ulionyanyua tiketi yangu. Siku ya nane nitapeleka nakala ya barua hii, nakala ya tiketi na bahasha yangu ya hesabu kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambao ndio waliowapa leseni, na nyingine kwa Tume ya Ushindani. Nitawaomba waje wenyewe waagize mkeka mmoja wa mechi nne kwenye dirisha lile, kisha waombe kuona skrini.

Nimeambatanisha nakala ya tiketi, mbele na nyuma. Yenyewe haitatoka mkononi mwangu hadi nilipwe.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja mwenye tiketi iliyoambatanishwa
Morogoro